Ngozi juu, mpira chini: viatu vya mtoto anayetembea juu ya mawe ya volkano

SWALI

Mheshimiwa mshauri, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 7. Tunakaa Munigi, karibu na Goma, na shule yao iko upande wa Majengo. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi wanatembea karibu saa moja kwenda na saa moja kurudi, juu ya mawe ya volkano na vumbi jeusi. Shule inataka viatu vyeusi vinavyofunika mguu. Mpaka sasa nimekuwa nikiwanunulia vile vya plastiki vya kipande kimoja, dola 5, navyo havifikishi miezi mitatu. Sasa mvulana ameanza kulalamika kila jioni: ngozi ya chini ya kidole gumba, na mbele ya wayo, inang'aa na imepasuka. Katika soko la Virunga nimeonyeshwa viatu vya ngozi vya dola 18. Jirani mmoja ananiambia vumbi litaiharibu ngozi, kwa hiyo nibaki na mpira. Mwingine anashauri watoto wavue viatu, watembee miguu mitupu, wavivae wakikaribia shule. Pesa yangu ni ya kununua mara moja tu. Nifanye nini?

Mama wa Munigi

JIBU

Mama wa Munigi, salamu kwako na kwa watoto. Mvulana mnunulie viatu vya ngozi, ila hakikisha kwamba ngozi ni ya sehemu ya juu tu, na kwamba chini pana soli ya mpira iliyoshonwa kwa uzi. Majirani wanabishana kuhusu ngozi na mpira kana kwamba kiatu ni kitu kimoja, ilhali kina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Sehemu ya juu inaishi na mguu, jasho na vumbi, na hapo ngozi ni bora kuliko mpira. Soli inakutana na mawe, na hapo mpira ni bora kuliko ngozi kwa mbali sana. Soli ya ngozi, ile nyembamba ya viatu vya harusi na vya kanisani, husagwa haraka na mawe ya volkano, na ikilowa huvimba na kulainika. Muuzaji akikuonyesha kiatu ambacho hata soli yake ni ya ngozi, mrudishie, hata akikuapia kwamba ndicho cha hali ya juu kabisa.

Nianze na mguu wa mvulana wako, kwa sababu huo ndio ulionifanya nikujibu bila kusita. Kiatu cha plastiki cha kipande kimoja hakina mahali pa kutolea jasho. Nyayo zina tezi nyingi za jasho kuliko sehemu nyingi za mwili, na mtoto anayetembea saa nzima, akapumzika kidogo kwenye dawati, kisha akacheza mpira wakati wa mapumziko, hushinda na miguu iliyolowa tangu asubuhi mpaka mchana. Ngozi iliyolowa hulainika, na kila hatua inaisugua kwenye soli ya ndani. Vumbi linaloingia kwa juu huchanganyika na jasho likawa tope jembamba linalozidisha msuguano huo. Jioni mtoto anapovua viatu, ngozi ileile hukauka kwa haraka, hukakamaa na kupasuka. Hali hii ikijirudia siku sita kwa wiki, mipasuko haipati nafasi ya kufunga.

Hali hiyo inajulikana sana kwa watoto wa umri wa shule, na ina alama zake. Huanzia chini ya kidole gumba na kwenye sehemu ya mbele ya wayo, inayobeba uzito wakati kisigino kinaponyanyuka. Ngozi hung'aa, hukakamaa na kupasuka, mara nyingi kwa miguu yote miwili, huku ngozi ya kati ya vidole ikibaki salama. Fangasi kwa kawaida huenda njia nyingine: huanzia kati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na kile kidogo, ngozi ikawa nyeupe, ikabanduka, ikawasha na kunuka. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa kununua dawa ya fangasi, mkalishe mtoto mahali penye mwanga, mtenganishe vidole kimoja kimoja na uangalie. Kama kati ya vidole ni safi, kinachomsumbua huenda ni jasho na msuguano, na dawa ya fangasi haitamsaidia. Ukiona upele unaowasha juu ya mguu, mahali hasa ambapo kiatu kinagusa, hilo ni jambo la tatu: huenda mwili wake unakataa kitu kilichomo kwenye gundi, kwenye mpira au kwenye dawa zilizotumika kuitengeneza ngozi, na hapo inafaa muuguzi amwone.

Hata kabla ya kununua viatu vipya unaweza kuanza kumtibu. Kila jioni aoshe miguu kwa maji na sabuni kidogo, aikaushe vizuri, kisha mpake vaselini kwenye mipasuko kabla ya kulala. Akiwa nyumbani avae kambambili ili miguu ipate hewa. Kwa shule avae soksi za pamba, nene kidogo, kwa sababu pamba hunyonya jasho, tofauti na soksi nyembamba za nailoni ambazo huliacha likae juu ya ngozi. Kama mwalimu anaruhusu, awe na jozi ya pili ndani ya mfuko, abadilishe akifika shuleni. Ikipita kama wiki tatu bila nafuu, au ukiona usaha, uvimbe au mtoto ana homa, mpeleke kituo cha afya bila kungoja.

Ushauri wa kutembea miguu mitupu ili kutunza viatu usiufuate kabisa. Najua wazazi wengi wanaufuata kwa nia njema, kwa sababu kiatu ni pesa. Lakini njia ya kwenu inapita juu ya mawe yaliyotoka mlimani, na ninyi mnaokaa upande wa kaskazini mwa mji mmeishi na lava ya Januari 2002 na ya Mei 2021. Mnajua jinsi mawe hayo yanavyokata. Jeraha dogo la mguu lililojaa vumbi linaweza kuingiza pepopunda kwa mtoto ambaye hakukamilisha chanjo. Vumbi lenyewe hukaa funza. Zaidi ya hayo, katika maeneo ya milimani yenye udongo wa volkano, yakiwemo maeneo ya majirani zetu Rwanda na Uganda, kuna ugonjwa wa kuvimba miguu unaowapata watu waliotembea miguu mitupu kwa miaka mingi: chembe ndogo za madini ya udongo hupenya kwenye ngozi na kuharibu njia za maji ya mwili. Hauletwi na mbu wala mnyoo, na kinga yake kuu ni viatu na kuosha miguu tangu utotoni. Kiatu kibaya cha plastiki, pamoja na kasoro zake zote, bado ni bora kuliko mguu mtupu.

Sasa twende sokoni. Geuza kiatu kabla hujakitazama kwa juu, kwa sababu soli ndiyo itakayoamua kama dola zako 18 zimefika salama. Kuna soli nyingi zinazoitwa za mpira, na si zote ni mpira. Soli ya sponji nyepesi inavutia mkononi kwa sababu haina uzito, lakini bonyeza ukucha: alama ikibaki, jua kwamba jiwe lenye ncha litaizamia, na kwamba katika wiki chache itakuwa imebonyea chini ya kisigino na mtoto atasikia kila jiwe. Soli ya plastiki ngumu nayo ikunje kwa nguvu: ukiona mstari mweupe mahali ilipokunjika, hapo ndipo itakapopasuka. Mpira mzuri ukiukunja unarudi wenyewe bila kuacha alama, una uzito kiasi, na ukiusugua kwa kidole gumba unashika, hautelezi. Kwa njia ya kwenu ningependa soli isiyopungua milimita 8 chini ya vidole, yenye michirizi ya kina, kwa sababu changarawe nyeusi huteleza hata ikiwa kavu.

Soli nene isiwe ngumu kama ubao. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, ukikunje kiatu: kinapaswa kukunjika mahali vidole vinapokunjika, yaani kwenye theluthi ya mbele. Kikikunjika katikati hakina msaada kwa wayo, na kisipokunjika kabisa mtoto atatembea akiburuta miguu, na kisigino kitatoka kila hatua mpaka kipate malengelenge.

Halafu tafuta uzi. Pitisha macho kuzunguka kiatu kizima, mahali ambapo sehemu ya juu inakutana na soli. Viatu vingine vina mshono uliochorwa tu kwenye mpira. Ingiza ukucha kwenye mfereji wake, na kama hakuna uzi unaougusa, hiyo ni gundi peke yake. Gundi huachia kwanza kwenye ncha na pembeni mwa vidole, mahali kiatu kinapokunjika, na vumbi likishaingia katika ule mwanya haliruhusu gundi nyingine kushika vizuri. Ukiona kiatu ni kizuri kwa mengine yote lakini hakikushonwa, usikikatae: mpelekee fundi viatu siku hiyohiyo, kikiwa bado kisafi, akizungushie mshono wa uzi mnene wa nailoni. Ni kazi ya muda mfupi, na ndiyo inayoongeza maisha ya kiatu kuliko kitu kingine chochote unachoweza kulipia.

Baada ya soli, hakikisha kwamba ngozi ni ngozi kweli. Ngozi bandia inayopakwa rangi nyeusi hung'aa vizuri dukani, lakini ni kitambaa kilichofunikwa kwa tabaka la plastiki. Haitoi jasho vizuri, na tabaka hilo hubanduka magamba magamba mahali vidole vinapokunjika. Tazama ukingo uliokatwa, kwa mfano kwenye ulimi wa kiatu au ndani ya tundu la kamba: ngozi ya kweli inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana kuanzia juu mpaka chini, na ile bandia inaonyesha kitambaa na utando juu yake. Kunja sehemu ya mbele kwa kidole: ngozi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, bandia hufanya mkunjo mmoja ulionyooka. Tone la maji nalo husaidia, kwa kuwa juu ya ngozi isiyopakwa rangi nzito litaacha doa jeusi baada ya muda mfupi. Ila ngozi iliyopakwa rangi nzito inaweza kulikataa tone hilo ingawa ni ya kweli, kwa hiyo mimi huamini zaidi ukingo. Angalia pia ndani: kama juu ni ngozi lakini bitana ni plastiki, jasho litakwama palepale ambapo ulitaka litoke.

Jambo la saizi linastahili uangalifu wako wote, kwa sababu ndipo wazazi wenye nia ya kubana matumizi wanapopoteza pesa. Mpime mtoto jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kutembea, akiwa amesimama na soksi zake juu ya karatasi. Chora ukingo wa mguu kwa kalamu iliyosimama wima, kisha pima kutoka kisigino mpaka kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili na uchukue ule mrefu. Ongeza sentimita 1.2 kwa ajili ya kusogea na kukua. Saizi zinazoandikwa kwenye viatu vingi vya sokoni zinahesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo ukizidisha urefu huo wa ndani kwa moja na nusu unapata namba. Tuseme mguu wa mvulana ni sentimita 20.1: ukiongeza 1.2 unapata 21.3, na ukizidisha kwa moja na nusu unapata takriban 32. Lakini viwanda havilingani, na namba 32 ya mmoja inaweza kuwa fupi kuliko ya mwingine. Kata kijiti chembamba chenye urefu wa sentimita 21.3 uende nacho sokoni, ukiingize ndani ya kiatu mpaka kiguse kisigino na ncha. Kijiti kikikaa bila kujikunja, namba hiyo inakufaa, chochote kilichoandikwa kwenye soli.

Usinunue saizi mbili zaidi ili kiatu kidumu miaka miwili. Mguu unaocheza ndani ya kiatu kikubwa huteleza mbele kila mara mtoto anaposhuka mteremko, vidole vinagonga ncha, kisigino kinasuguka, na sehemu ya kiatu iliyotengenezwa kukunjika inakunjika mahali pasipofaa, ikapasuka mapema. Mtoto wa umri wake hukua mguu kwa karibu sentimita 1 kwa mwaka. Ile nafasi ya 1.2 inatosha karibu mwaka wote wa shule, kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Julai, ingawa wengine hukua kwa ghafla. Kila baada ya miezi mitatu, toa soli ya ndani, asimame juu yake, na uangalie kama mbele ya kidole bado kuna nafasi inayotosha upana wa kidole chako kidogo.

Jirani yako aliyekuonya kuhusu vumbi amesema jambo lenye ukweli ndani yake. Ngozi hubaki laini kwa sababu ya mafuta yaliyoingizwa ndani yake ilipotengenezwa. Vumbi kavu hunyonya mafuta hayo kidogo kidogo, na vumbi letu la volkano lina chembe ngumu zenye ncha, ambazo zikikaa kwenye mikunjo hufanya kazi ya msasa kila mtoto anapopiga hatua. Ndiyo maana kiatu cha ngozi kikiachwa bila matunzo hupasuka kwanza kwenye mkunjo wa vidole. Lakini kinachokiua zaidi, kwa jinsi ninavyoviona viatu vinavyoletwa kwa mafundi, ni mzazi mwenye bidii anayepaka dawa ya viatu kila asubuhi juu ya vumbi la jana. Nta ya dawa hulishika vumbi, brashi hulisugua ndani ya ngozi, na juu yake linajengeka ganda jeusi linalovunjika pamoja na ngozi iliyo chini.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu. Kila jioni mtoto mwenyewe akung'ute viatu, afungue kamba, avute ulimi mbele, na apige brashi kavu hasa kwenye mikunjo na kwenye mshono wa soli, bila kupaka kitu chochote. Mwishoni mwa wiki, futa viatu kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa, uviache vikauke kabisa kivulini, ndipo upake dawa ya viatu ya kopo kwa kiasi kidogo, uiache kwa muda, kisha upige brashi mpaka kitambaa safi kikipita juu yake kisitoke cheusi. Ile ya maji yenye sponji kichwani iepuke kwa kiatu cha kila siku. Inatia rangi na mng'ao, lakini inakauka juu ya ngozi na haiilishi. Mara moja kwa mwezi, wakati wa kiangazi pengine mara mbili, paka vaselini nyembamba sana kwenye mikunjo usiku, na asubuhi ufute yote iliyobaki juu, kwa sababu mafuta yanayobaki huita vumbi. Mafuta ya mawese usiyatumie: yananata, yanaharibika na kunuka, na yakizidi hulegeza gundi ya soli.

Viatu vikilowa mvua, ambayo kwetu Goma hainyeshi kwa msimu mmoja tu, usiviweke karibu na mbabula. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali hujikunja na kukakamaa, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Vijaze karatasi za daftari la zamani, ubadilishe karatasi hizo zikilowa, na uviweke mahali penye hewa vikiegemea ubavu. Kukauka kunaweza kuchukua zaidi ya usiku mmoja, na hapo vile vya plastiki vitakufaa: usivitupe, viwe viatu vya siku za mvua kubwa, wakati ambapo maji ni tatizo kuliko jasho.

Kuhusu pesa, nikuhesabie bila kukudanganya. Kwa mwaka wa shule wa miezi kumi unanunua plastiki jozi tatu au nne, yaani dola 15 hadi 20 kwa mtoto mmoja. Kiatu cha ngozi ni dola 18. Tuseme mshono wa fundi na kubadilisha soli mara moja vitakuletea dola 4, na dawa ya viatu dola 1 au 2. Mwaka wa kwanza, basi, hutaokoa kitu. Utalipa zaidi, na unacholipia ni mguu wa mtoto. Faida ya pesa itakuja kwa njia ya msichana, lakini si mwakani. Akiwa na miaka 7, tuseme mguu wake ni sentimita 18. Mwaka ujao, wakati kaka yake ameviacha viatu vyake, utakuwa umefika kama 19, na ndani ya kiatu cha sentimita 21.3 atateleza. Itabidi viatu vikae mwaka mmoja zaidi. Visafishe, vipake vaselini, vijaze karatasi, uvifunge kwa kitambaa wala si mfuko wa plastiki, ambamo vitaota ukungu. Siku ya kumpa, weka soli ya ndani mpya, kwa sababu ile ya zamani imeshika umbo la wayo wa kaka yake, na uangalie kisigino: kama soli imeisha upande mmoja zaidi ya mwingine, fundi aisawazishe kwanza, au viatu usimpe.

Kwa sasa msichana abaki na viatu vyake vya plastiki, kwa kuwa hujaniambia kwamba miguu yake ina shida, na umtafutie soksi za pamba na jozi ya kubadilisha kama kaka yake. Vikague kila Jumapili kwenye maungio ya vidole na chini ya kisigino, na angalia nyayo zake unapoangalia za kaka yake. Ukiona ngozi yake imeanza kung'aa kama ya kaka yake, naye aingie kwenye mpango wa ngozi katika muhula unaofuata.

Soli ya mvulana nayo usiingoje itoboke. Michirizi ikifutika chini ya vidole, lakini kabla mshono haujaguswa na mawe, ndio wakati wa kwenda kwa fundi. Mwombe nusu ya soli tu, ya mbele, na kama anatumia tairi, mwambie achukue la pikipiki au ubavu wa tairi la gari dogo, maana sehemu ya tairi la gari inayokanyaga barabara ina nyaya za chuma ndani, na waya mmoja ukichomoza utamchoma mtoto njiani. Kabla hujamlipa, pitisha mkono wako wote ndani ya kiatu mpaka kwenye ncha, uhakikishe hakuna msumari wala fundo la uzi linalogusa kidole.